Ibid. haihami salama: kutoa tanbihi chini ya ukurasa na kuziingiza ndani ya matini

Katika vitivo vyetu vya lugha wengi tumefundishwa kuandika memwari kwa desturi ya Kifaransa: kila rejeo lina namba yake ndogo, na maelezo yake yako chini ya ukurasa. Majarida mengi, kinyume chake, yanataka jina la mwandishi, mwaka na ukurasa katika mabano ndani ya matini, na tanbihi chache za maelezo zibaki mwishoni. Anayetaka kugeuza sura ya memwari kuwa makala hana budi kuvuka kutoka desturi moja hadi nyingine, na mara nyingi anavuka pia kutoka programu moja ya kuandikia hadi nyingine: ameandika kwa LibreOffice Writer, naye mhariri anafanya kazi kwa Word.

Nimesaidia kupanga makala za aina hiyo mara kadhaa. Nilichojifunza ni kwamba programu huhamisha namba vizuri, lakini haielewi maana ya kilichoandikwa ndani ya tanbihi. Ndiyo sababu kazi ya kwanza si ya kubofya, ni ya kusoma.

Tuchukue mfano. Katika sura moja inayohusu historia ya Kiswahili cha Kongo, tanbihi tano zinafuatana hivi (namba za kurasa nimeziweka kwa mfano tu):

```
7. Fabian, Language and Colonial Power, 1986, p. 12.
8. Ibid., p. 15. Neno hili lina maana nyingine Katanga.
9. Polomé, Swahili Language Handbook, 1967, p. 30.
10. Fabian, History from Below, 1990, p. 8.
11. Fabian, op. cit., p. 40.
```

Tanbihi ya 8 inasema "hapo hapo", yaani katika kitabu cha tanbihi iliyotangulia. Sasa mwandishi anahamisha aya yenye tanbihi ya 9 na kuiweka kabla ya aya yenye tanbihi ya 8. Programu inapanga namba upya bila kosa: Polomé anakuwa wa 8, na ile "Ibid." inakuwa ya 9. Hakuna onyo lolote kwenye skrini, lakini kuanzia hapo maneno ya Fabian yanadaiwa kuwa ya Polomé, ukurasa wa 15. Msomaji atakayefungua kitabu cha Polomé hatayakuta, na atamshuku mwanafunzi kwamba ametunga rejeo.

Hatari hiyo haitoki kwenye kuhamisha aya peke yake. Tukiingiza tanbihi ya 7 ndani ya matini kama (Fabian 1986: 12), inatoweka katika orodha ya tanbihi. Ya 8 ina maelezo, kwa hiyo inabaki na kwenda mwishoni, lakini "Ibid." yake haina tena inachokielekeza. Tanbihi ya 11 ni ngumu zaidi, kwa sababu Fabian ametajwa kwa vitabu viwili. "Op. cit." ni kipi kati ya hivyo? Mhariri hawezi kukisia. Mwandishi mwenyewe ndiye atakayefungua kitabu na kujibu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kugusa mpangilio wowote, ni kuweka nakala ya faili pembeni, kisha kupitia tanbihi zote kutoka ya kwanza hadi ya mwisho na kubadilisha kila "Ibid." na kila "op. cit." kuwa jina, mwaka na ukurasa. Fanya hivyo wakati tanbihi zingali katika mpangilio wake wa awali, kwa maana ni mpangilio huo unaozipa maana.

Hatua ya pili ni kuzigawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni tanbihi zenye rejeo tupu, la pili ni zenye maelezo tupu, la tatu ni zenye vyote viwili, kama ile ya 8. Tuseme sura yetu ina tanbihi 41: 26 za rejeo, 9 za maelezo na 6 za mchanganyiko. Kazi ikiisha tunatarajia mabano 26 na 6, yaani 32, ndani ya matini. Na tanbihi 9 na 6, yaani 15, mwishoni. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi, maana ndiyo itakayokuonyesha baadaye kama kuna kilichopotea.

Kisha ingiza mabano, moja baada ya jingine. Kama jina la mwandishi limo tayari katika sentensi, mwaka na ukurasa vinatosha. Mabano hukaa kabla ya nukta ya mwisho wa sentensi; aliyezoea kuweka namba ya tanbihi baada ya nukta aangalie asiyaache mabano yakining'inia nje. Ukimaliza rejeo tupu, futa namba yake ndani ya matini, na tanbihi yake itaondoka pamoja nayo. Ukifuta maandishi ya chini pekee, namba itabaki juu ikiwa na tanbihi isiyo na kitu.

Zile 15 zinazobaki hugeuzwa kuwa za mwisho. Katika Word zinageuzwa zote kwa pamoja: fungua `Références`, kisha dirisha dogo la mipangilio ya tanbihi, ubofye `Convertir`. Katika Writer niliyoitumia, nililazimika kubadilisha moja moja. Kwa tanbihi 15 si kitu; kwa 200 ni afadhali kazi hiyo ifanywe upande wa Word.

Kuhama kwenyewe kunahitaji uangalifu wa namna yake. Faili ya `.docx` huhifadhi matini mahali pamoja na tanbihi za chini mahali pengine, katika `footnotes.xml`. Ndani ya matini kuna kiungo tu. Faili ya `.odt` huweka tanbihi palepale katikati ya sentensi. Faili nzima ikifunguliwa na programu ya pili, kwa kawaida tafsiri hiyo hufanyika vizuri. Tatizo huja mtu anaponakili na kubandika kama maandishi matupu: kiungo hukatika, na namba ikibaki, inabaki kama tarakimu ya kawaida. Ukiona "mwaka 19863", ujue ni 1986 pamoja na tanbihi ya 3 iliyokufa.

Kuna pia tarakimu zilizokufa zinazoonekana hai, kwa sababu bado ni ndogo na zimeinuliwa juu. Njia ya kuzitambua ni kubofya namba mara mbili katika Word: iliyo hai inakupeleka kwenye maandishi ya tanbihi yake, iliyokufa haikupeleki popote. Tarakimu ya namna hiyo `Convertir` haiioni kabisa, na haihesabiwi upya ukiongeza tanbihi nyingine kabla yake.

Mwisho, linganisha na karatasi yako: mabano 32, tanbihi 15. Halafu soma mabano hayo ukiwa na orodha ya vitabu mbele yako, kwa kuwa jina kamili la kitabu, lililokuwa chini ya ukurasa, sasa linapatikana katika orodha hiyo tu. Kila jina na mwaka viwe na mstari wake pale. Mwandishi mmoja akiwa na vitabu viwili vya mwaka mmoja, viandikwe 1990a na 1990b, katika mabano na katika orodha vilevile.