Kuta Mbili na Kidoa Kimoja

Picha ilipigwa kutoka ndege, nayo ilikuwa imefifia kama kanga iliyoanikwa juani miaka. Nilimpelekea babu, baharia mstaafu wa Mombasa. Aliisogeza dirishani, akapitisha kucha juu ya kuta mbili za kukinga mawimbi.

"Port Said."

"Umejuaje, babu?"

"Ukuta wa magharibi umeingia baharini mbali kuliko wa mashariki. Mkondo wa pwani ile hutoka magharibi, ukikokota mchanga na tope la Mto Nile. Usipozuiwa, utaziba mlango wa Mfereji wa Suez."

Nikasema kuta ndefu ziko bandari nyingi. Hakubisha. Umbo peke yake hudanganya, hasa picha ikisafishwa kinyume, kushoto ikawa kulia. Ndiyo maana alitafuta alama ya pili. Kucha ikatua kwenye kidoa chenye kivuli, mwanzoni mwa ukuta mrefu: sanamu ya Ferdinand de Lesseps, iliyosimamishwa 1899 na kuangushwa na Wamisri kwa baruti Desemba 1956.

"Nilipopita mimi," akasema, "lilibaki jukwaa tupu. Picha hii imenitangulia."