Asilimia 75 ya nini?

Kila ninaposahihisha mtihani wa viyoyozi, na kila ninapoitwa na mwenye jengo aliyesoma kijitabu cha muuzaji, nakutana na hoja ile ile: gurudumu la enthalpia lina ufanisi wa asilimia 75, kwa hiyo mzigo wa koili ya kupoozea utapungua kwa asilimia 75. Haupungui hivyo. Anayeamini hesabu hiyo hununua mtambo mdogo kuliko unaohitajika, kisha watu wanatoka jasho ofisini. Tulifanye swali lenyewe.

Jengo la ofisi Dar es Salaam linavuta kilo 2 za hewa ya nje kwa sekunde. Hewa hiyo ina nyuzi 33 na gramu 20 za mvuke katika kila kilo ya hewa kavu, na enthalpia yake ni kilojuli 84 kwa kilo. Hewa inayotolewa vyumbani, yenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 50, ina kilojuli 48. Koili inatakiwa kuishusha hewa mpya hadi kilojuli 36, karibu nyuzi 13. Gurudumu lenye ufanisi wa asilimia 75 linafungwa kabla ya koili, na hewa inayoingia ni sawa na inayotoka. Mzigo wa koili unapungua kiasi gani?

Bila gurudumu, koili inabeba 2 × (84 − 36), yaani kilowati 96. Gurudumu linaondoa asilimia 75 ya tofauti kati ya hewa ya nje na ile inayotolewa: 0.75 × (84 − 48) = 27. Hewa inafika kwenye koili ikiwa na kilojuli 57, na koili inabakiwa na 2 × (57 − 36), kilowati 42. Punguzo ni kilowati 54, sawa na asilimia 56.

Asilimia nyingine zimekwenda wapi? Hazikuwapo. Gurudumu halijui koili inataka nini. Linakutana na hewa mbili tu, ya nje na ya vyumbani, na ufanisi wake hupimwa kwa pengo la kilojuli 36 lililo kati ya hizo mbili. Koili ina pengo la 48. Zile 12 zilizo chini ya hali ya chumba hakuna gurudumu litakalozigusa, kwa sababu hewa inayotoka haiwezi kumpa mwenzake ubaridi ambao yenyewe haina. Hata gurudumu kamilifu, la asilimia 100, lingeiachia koili kilowati 24. Kilichookolewa hapo ni 72 kati ya 96: asilimia 75 kamili. Mwanafunzi anayeandika jibu hilo, kwa swali hili, ameeleza gurudumu ambalo halijawahi kutengenezwa.

Na jengo halisi huwa baya zaidi. Sehemu ya hewa hutolewa na feni za vyooni bila kupita kwenye gurudumu. Tuseme inayorudi ni kilo 1.5 tu kwa sekunde. Ufanisi hukokotolewa kwa mkondo ulio mdogo, kwa hiyo, tukiuacha kwenye 75, kinachookolewa ni 0.75 × 1.5 × 36: kilowati 40.5, asilimia 42 ya mzigo. Ufanisi wenyewe hupanda kidogo mikondo isipolingana, lakini haupandi kiasi cha kufidia pengo hilo.

Kuna pia wanaopima kwa kipimajoto peke yake. Hewa ikishuka kutoka nyuzi 33 hadi 26, wanasema gurudumu ni zima. Kwa mikondo yetu iliyo sawa, ule mteremko wa joto ni takribani kilowati 14 tu kati ya 54; zilizobaki zote zimo katika mvuke uliohamishwa, kutoka gramu 20 hadi 12. Uso wa gurudumu ukifunikwa na vumbi au mafuta, silika jeli inaacha kufyonza mvuke huku kipimajoto kikiendelea kuonyesha namba nzuri.

Kwa hiyo pima joto na unyevu pamoja, sehemu tatu: hewa ya nje, hewa ikitoka kwenye gurudumu kuelekea koili, na hewa ya vyumbani kabla ya kuingia kwenye gurudumu. Pima na mtiririko wa pande zote mbili. Hewa ya vyooni ni bora isipitishwe humo; kama mtiririko hautoshi, tafuta kwanza inakovuja. Kagua mkanda, sili za pembeni na vichujio. Kuongeza kasi ya gurudumu hakusaidii likishafikia mwendo wake wa kawaida. Huzidisha tu hewa chafu inayobebwa kurudi ndani. Na mtambo wa kupoozea uchague kwa kilowati zilizobaki, ukitumia mtiririko uliopimwa.