Kufungua si Kuhifadhi: Wazee Wetu na Mafaili ya PDF

Kitenzi kupakua kina kazi mbili za zamani: kutoa mizigo chomboni na kutoa chakula chunguni. Siku hizi kimepewa ya tatu, yaani kuchukua faili mtandaoni na kuliweka katika simu. Nilipoombwa kuwaeleza wazee sita wa ukoo wetu, hapa Kabondo, jinsi ya kutunza PDF wanazotumiwa kwa WhatsApp, nilianza na neno hilo, kwa kuwa kila mtu wa Kisangani ameona maboti yaliyotoka Kinshasa yakipakuliwa mtoni.

Mfano huo ulitufikisha nusu ya njia. Koko mmoja aliuliza: "Mjukuu, nikipakua mimi, wengine wa kundi watabaki na nini?" Swali lake lilikuwa la haki, kwani boti likipakuliwa hubaki tupu. Faili haliko hivyo. Kinachoshuka ni nakala, kama fotokopi, na kila mmoja katika kundi hupata yake. Baada ya jibu hilo, wawili waliokuwa wakiogopa kugusa faili la wengine waliligusa.

Tulitumia faili moja la kweli: karatasi za kiwanja cha ukoo, kurasa 4, zilizotumwa na binamu yangu aliye Kinshasa. Wazee walizihitaji ofisini, na huko mtandao hupotea mara kwa mara. Basi swali letu lilikuwa hili: je, karatasi zimo ndani ya simu, au bado ziko mtandaoni?

Jambo la kwanza ni kufungua. Katika WhatsApp, faili ambalo halijashuka huonyesha mshale unaoelekea chini. Ukiligusa, mduara huzunguka, kisha mshale hutoweka. Hapo nakala imeingia, na ukigusa tena kurasa zinatokea. Usikawie kuligusa, kwa sababu faili lililoachwa muda mrefu bila kupakuliwa huweza kukataa, na mtumaji akalazimika kulituma upya. Ili kuhakikisha, niliwaambia wawashe Mode Avion, kisha wafungue faili tena. Likifunguka bila mtandao, limo ndani. Simu tano zilifaulu. Ya sita ilikuwa bado na mshale, na tukaurekebisha hapo hapo.

Jambo la pili ni kuhifadhi. Faili lililofunguliwa limo katika simu, lakini limo katika chumba cha WhatsApp. Mtu akifuta mazungumzo ili kupata nafasi, na akaacha alama kwenye kisanduku kinachofuta pia mafaili, karatasi zinaondoka pamoja na maneno. Ndiyo sababu tulitengeneza nakala ya pili nje ya chumba hicho. Fungua programu ya mafaili, ambayo kwenye simu nyingi huitwa Files au Fichiers. Ingia Documents, bonyeza jina la faili bila kuachia mpaka lipate alama, kisha chagua kunakili na uliweke katika Téléchargements.

Jambo la tatu, kutafuta, ndilo lililowasumbua zaidi, na chanzo chake ni jina. Mara nyingi faili la WhatsApp huonekana hivi:

```
DOC-20240312-WA0004.pdf
```

Jina hilo husomeka. Tarakimu nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku: 12 Machi 2024. Anayekumbuka siku aliyotumiwa anaweza kulitambua. Hata hivyo ni afadhali kulibadilisha: bonyeza tena bila kuachia, chagua Renommer, uandike neno utakalolikumbuka mwenyewe. Shangazi aliandika:

```
kiwanja.pdf
```

Herufi za mwisho, .pdf, zisifutwe, maana kwa hizo simu hujua ni programu gani ya kulifungulia. Baada ya hapo, kutafuta ni kugusa alama ya lenzi na kuandika kiwanja.

Kuna dalili moja ya kuangalia. Faili lililopakuliwa kwa Chrome huingia Téléchargements moja kwa moja. Ukikuta huko majina yanayofanana, yenye (1) na (2) mwishoni, ujue faili lile lile limepakuliwa mara tatu. Mjomba alikuwa na manne ya namna hiyo. Kila alipotaka kusoma alirudi mtandaoni na kununua mega upya, na karatasi alikuwa nayo mfukoni tangu siku ya kwanza.

Katika mazungumzo yetu wazee walikuwa na neno moja kwa yote matatu: "kufungua". Tulipotenganisha kufungua, kuhifadhi na kutafuta, kila mmoja aliweza kusema mwenyewe mahali alipokwama. Hata hivyo nakala zote mbili zimo katika simu moja, na simu ikiibwa au ikianguka majini zinakwenda pamoja. Kwa karatasi za kiwanja, tulichapisha pia.