Kilemba hakimo mu zile tano: vitu ambavyo Singasinga anavaa na maana yake



Wale tulisoma hapa Goma tunakumbuka maaskari Wahindi wa Monusko. Kati yao kulikuwa wenye ndevu ndefu na kilemba ya rangi ya buluu, ile buluu ya UNO. Wenzao walivaa bere ao kasike, wao kilemba. Siku moja tulikuwa tunatoka kwenye fakilte, jipu yao ikapita, na rafiki mumoja wa promosioni yetu akapiga kelele: "Angalieni Talibani!" Tukacheka wote, hata mimi nilicheka.

Leo nasema wazi kama tulikosa mara mbili. Yule askari hakuwa Mwislamu, na kilemba, kile kitu tulimutambulia nacho, hakimo hata mu vitu tano ambavyo dini yake inamwomba avae.

Mimi nilikuja kujua hayo Kenya, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Kuko fasi inaitwa Makindu, na hapo kuko hekalu yao, ilijengwa mwaka wa 1926 na watu waliofanya kazi ya reli. Waingereza walileta mafundi kutoka Punjabu kujenga reli ya Mombasa mupaka ziwa Viktoria, kuanzia 1896 mupaka 1901, na kati yao Masingasinga walikuwa wengi. Wakenya wanawaita Kalasinga. Pale Makindu kila musafiri anapewa chakula bure, awe wa dini gani: unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi na wengine, unakula dengu na chapati. Muzee mumoja aliniona nikiangalia sana mukono wake. Akacheka: "Kijana, uliza tu." Basi nikauliza.

Mambo yanaanza mwaka wa 1699, mu muji wa Anandpur, Punjabu. Miaka 24 mbele, mu 1675, mufalme wa Delhi alikuwa amekatisha kichwa cha Guru Tegh Bahadur, juu aliwatetea Wahindu waliokuwa wanalazimishwa kubadilisha dini. Mutoto wake, Guru Gobind Singh, akaita watu wakati wa sikukuu ya mavuno. Akashika upanga, akauliza nani yuko tayari kutoa kichwa chake. Watu wakanyamaza. Kisha wakasimama watano, mumoja mumoja. Hawakuuawa. Akawanywesha maji ya sukari iliyokorogwa na upanga mu bakuli ya chuma, wote bakuli moja. Hapo njo kikundi cha Khalsa kilizaliwa, na wenye kuingia humo wanavaa vitu tano. Kila kimoja jina lake linaanza na K.

Ya kwanza ni keshi, ni kusema nywele ambazo hazikatwe hata siku moja, pamoja na ndevu. Maana yake: mwili ni kazi ya Mungu, unaupokea vile alikupatia. Kati ya wale watano wa kwanza, mumoja alikuwa kinyozi, Sahib Chand wa Bidar. Wazeni kidogo: mutu anayekula kwa mukasi, na anakubali dini yenye kukataza mukasi. Mwingine alikuwa muchota maji, kazi ya watu wa chini kule India. Kilemba kinakuja hapa: kazi yake ni kufunika na kulinda zile nywele, na kuonyesha heshima. Kwao ni kitu kikubwa sana, lakini mu hesabu ya tano, kinachohesabiwa ni nywele.

Ya pili ni kangha, kichana kidogo cha mbao (musichanganye na kanga ya bamama). Anachana asubuhi na mangaribi, kisha anakichomeka mu nywele zilizofungwa, chini ya kilemba. Kule India kulikuwa watawa walioacha dunia na kuacha nywele zijifunge zenyewe. Kichana kinasema kinyume: utabaki mu dunia, utafanya kazi, utalisha familia, na utakuwa safi. Mimi wa agronomia nilielewa haraka: kuacha shamba bila kulima na kuacha shamba bila palizi si kitu kimoja. Nywele hazikatwe, lakini hazitupwe pia.

Ya tatu ni kara, bangili ya chuma kwenye mukono. Ni ile niliyokuwa naangalia kwa muzee. Ni chuma makusudi: zahabu ingetenga tajiri na masikini. Ni duara, haina mwanzo wala mwisho, kama Mungu. Muzee aliniambia: "Mkono ukitaka kuchukua cha mtu, unauona huu kwanza." Njo kitu kimoja ambacho hata wale waliokata nywele wanaendelea kuvaa.

Ya ine ni kachera, kaptula ya ndani yenye kufungwa na kamba. Hakuna mutu anaiona. Inamukumbusha kujizuia, awe mwaminifu kwa bibi ao bwana yake. Na ni nguo ya mutu aliye tayari kukimbia ao kupigana, si ya mwenye kukaa tu.

Ya tano ni kirpani, na hapa njo shida inatoka, juu ni kisu, ao upanga mufupi mu ala yake. Jina lenyewe wanalifasiria kwa maneno mawili: huruma na heshima. Ni alama ya lazima ya kumutetea munyonge, kama Guru Tegh Bahadur alivyotetea watu wa dini ingine. Hairuhusiwe kuitoa kwa hasira.

Lakini mwalimu ao polisi atajuaje? Kanada walijibu hiyo swali. Mwaka wa 2001 kirpani ya mwanafunzi mumoja ilianguka mu kiwanja cha masomo, wakubwa wa masomo wakaikataza. Kesi ikafika kwenye Tribinali Kuu, na mu 2006 majaji wakasema kukataza kabisa si haki. Mutoto aivae, lakini kwa masharti: ala iwe ya mbao, ishonewe ndani ya kitambaa kigumu, ikae chini ya nguo. Walisema pia kama mu masomo kuko mikasi na vitu vingine ambavyo mutu angeweza kuumiza navyo mwenzake, na hakuna aliyeonyesha kama kirpani ilikwisha kutumiwa kwa ubaya mu masomo ya kule. Ndani ya ndege ni mambo mengine: kule mara nyingi inawekwa mu mizigo ya chini.

Musifikiri kama kila Singasinga ana zote tano. Zinalazimisha wale waliokunywa yale maji ya sukari, wanaume na wanawake. Wengine wako na bangili tu. Na jina Singh peke yake halitoshe, juu kuna Wahindu wengi wanalo.

Kwetu Kivu tunajua vile inauma mutu kukusomea sura na jina mbele hujafungua kinywa, na akwisha kuamua wewe ni wa wapi na unataka nini. Ile siku kwenye fakilte, sisi wenyewe tulifanya vile. Yule askari alituangalia, akainua mukono kutusalimia, na naamini kwenye ule mukono kulikuwa bangili. Sikujua kuisoma.