Kuikagua Picha ya Pasipoti Uliyotumiwa kwa Simu

Baadhi ya wakazi hutumiwa picha ya pasipoti kwa simu na watu wasiowajua: mpangaji anayetaka nyumba, au mtu anayejitambulisha kuwa wakala wa ajira za Uarabuni na kuitoa picha hiyo kama dhamana kabla ya kupokea fedha za maandalizi. Kabla ya fedha kutoka mkononi, yapo mambo mawili ambayo mkazi anaweza kuyakagua mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

La kwanza ni ile mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wenye picha, ambayo huandikwa ili isomwe na mashine. Kila mstari una nafasi 44, na herufi zote zina upana mmoja. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limetoa mfano wa kufundishia, wa nchi isiyokuwepo, na mstari wake wa pili ni huu:

```
L898902C36UTO7408122F1204159ZE184226B<<<<<10
```

Tarakimu tisa za mwanzo ni namba ya pasipoti (herufi zikiwamo), kisha tarakimu ya uhakiki, 6. Baada ya msimbo wa nchi huja tarehe ya kuzaliwa, 740812, ikianza na mwaka: 12 Agosti 1974. Tarakimu inayoifuata, 2, ndiyo uhakiki wake. Jinsia hufuata, kisha tarehe ya mwisho wa matumizi, 120415, na uhakiki wake, 9.

Uhakiki hupatikana hivi. Zidisha tarakimu kwa 7, 3 na 1 kwa zamu, jumlisha, kisha chukua tarakimu ya mwisho ya jumla. Kwa 740812 tunapata 49, 12, 0, 56, 3 na 2. Jumla ni 122, hivyo uhakiki ni 2, kama ulivyoandikwa. Sasa tuseme mtu amebadili 74 kuwa 84 ili aonekane kijana zaidi. Hesabu inakuwa 56, 12, 0, 56, 3 na 2, jumla 129, na uhakiki unapaswa kuwa 9. Ikiwa picha bado inaonyesha 2, ukurasa huo una kasoro. Tarakimu moja ikibadilishwa katika tarehe, hesabu hii haikosi kuigundua. Namba ya pasipoti huhesabiwa vivyo hivyo, ila A huwa 10, B 11, na kuendelea hadi Z, 35.

Mwenye kuchakachua huenda akasahihisha na uhakiki wa tarehe. Hata hivyo, tarakimu ya mwisho kabisa ya mstari, ambayo hapa ni 0, hukokotolewa kwa kuunganisha sehemu zenye uhakiki pamoja na uhakiki wake, nayo pia inaweza kubadilika. Kwa mfano wetu ingekuwa 4.

Linganisha vilevile mistari hiyo na maandishi ya juu. Tarehe na namba lazima zilingane. Jina, hata hivyo, linaweza kufupishwa likiwa refu, na alama zisizo za kawaida huondolewa, kwa hiyo hilo pekee lisikufanye umtuhumu mtu. Aidha, usichanganye herufi O na sifuri unaponakili.

Jambo la pili ni nafasi ya picha ya mwenye pasipoti. Tazama pembe za ukurasa. Kamera ikiinama, kingo zote huinama pamoja. Uso uliobandikwa baadaye mara nyingi hubaki wima huku ukurasa umelala. Mwanga unaong'aa juu ya ukurasa hupita pia juu ya picha, na ukikatika ghafla kwenye ukingo wa uso, tia shaka. Chunguza pia mistari myembamba ya usalama inayofika kwenye picha: je, inaendelea kwa ulaini, au imefunikwa na mraba wenye ukungu? Pasipoti nyingi zina picha ndogo iliyofifia ya mtu yuleyule mahali pengine kwenye ukurasa. Ikiwa uso huo ni wa mwingine, hakuna haja ya kuendelea na hesabu.

Picha inayotumwa kwa programu za ujumbe hupunguzwa ubora, na ulaini huo wa mistari hupotea. Omba itumwe kama faili, au mwenyewe aje na kitabu chenyewe.

Hesabu ikikubali, haina maana kwamba aliyetuma picha ndiye mwenye pasipoti. Huenda ni pasipoti halali ya mtu mwingine. Hesabu ikikataa, usimlipe mtu, usisambaze picha hiyo kwenye vikundi vya simu, bali ipeleke Ofisi ya Uhamiaji ya wilaya, ambako pasipoti inaweza kukaguliwa kwa vifaa.