Mwizi ni Nani?

Mhariri amepokea habari: "Polisi wamemkamata mtoto wa diwani aliyeiba fedha." Nani aliiba? Mtoto na diwani wote ni watu, hivyo "aliyeiba" yaweza kumhusu yeyote. Ingekuwa "gari la diwani lililoibwa", upatanisho ungetuonyesha.

Kabla ya kusahihisha, andika sentensi mbili: "Mtoto wa diwani aliiba fedha, akakamatwa", "Diwani aliiba fedha, mtoto wake akakamatwa." Ikiwa habari nzima inazikubali zote mbili, usikisie, unaweza kumpachika wizi asiyehusika.

Usimuulize mwandishi "Unamaanisha nini?", kwani anaweza kukurudishia utata uleule. Muulize: "Aliyeiba ni mtoto au diwani?" Neno moja litatosha kujibu.