Pampu Mbili kwenye Bomba Moja: Kubaini Nukta ya Kazi

Pampu mbili zinazofanana zikiunganishwa sambamba, ujazo hujumlishwa katika kimo kilekile. Zikiunganishwa kwa mfululizo, vimo hujumlishwa katika ujazo uleule. Hata hivyo, maji yanayopatikana huamuliwa na nukta ambapo mkunjo wa pampu hukutana na mkunjo wa mfumo.

Chukuliwe pampu yenye mkunjo H = 50 − 0.02Q², H ikiwa kimo kwa mita na Q lita kwa sekunde. Bomba refu na jembamba linalopandisha maji mita 10 lina mkunjo H = 10 + 0.08Q². Pampu moja hutoa lita 20 kwa kimo cha mita 42. Mbili sambamba hutoa 21.7 tu, kila moja ikisukuma takriban nusu ya ujazo wake wa awali. Kwa mfululizo hutoa 27.4, lakini bomba sharti listahimili mita 70, na mita 100 vali ikifungwa.

Mwinuko ukiwa mita 40 na msuguano 0.005Q², pampu moja hutoa lita zilezile 20, ilhali mbili sambamba hutoa 31.6. Hivyo, kabla ya kununua pampu ya pili, mwinuko utenganishwe na msuguano kwa kusoma geji ya shinikizo pampu ikiwa imesimama na bomba limejaa.